Ngoma, Kinanda na Ukuta wa Nyuma

Ukitaka kujua kama kwaya ya parokia ina ugomvi, usimuulize mwenyekiti. Angalia ngoma imewekwa wapi. Ikiwa karibu na kinanda, kuna amani, au angalau watu bado wanasemeshana. Ikiwa imesukumwa nyuma ya besi, kule pembeni karibu na mlango wa sakristia, jua kuna kikao kimoja kiliisha vibaya.

Nimeimba besi katika kwaya tatu za hapa Mwanza, na ugomvi wa ngoma na kinanda cha umeme nimeukuta kote. Nikiusimulia ule wa kweli nitagombana na watu ambao bado tunapeana mkono wa amani kila Jumapili, kwa hiyo nimetunga hadithi. Watu wake wawili ni wa kubuni. Yaliyowapata, mwanakwaya yeyote atayatambua.

Wa kwanza ni Mwalimu Petro, mwenye miaka 63, mstaafu wa shule ya msingi, anayefundisha kwaya na kupiga kinanda. Alijifunzia kwa masista wa misheni, kwenye harmoniamu ile ya kupampu kwa miguu. Si kama vijana wa leo wanaopiga kila wimbo kwa do ya C halafu wanabonyeza kitufe kuhamisha sauti. Yeye nota zikisema do ni G, anapiga G. Wa pili ni Kabula, mwenye miaka 27, muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Anaimba sauti ya pili na ndiye anayepiga ngoma kubwa. Amekulia Kisesa, karibu na Bujora.

Mtu wa nje angedhani mzee ndiye mtetezi wa ngoma na kijana ndiye mtetezi wa umeme. Huku kwetu mara nyingi ni kinyume, na sababu yake inaeleweka. Mwalimu Petro alikuwa mtoto wakati ambapo mlio wa ngoma kijijini ulikuwa na maana mbili tu: ama ni mbina, michezo ya ngoma ya mavuno, ama ni Waswezi wanaita pepo wao. Katekista aliyembatiza alikuwa ameiacha ngoma kama mtu anavyoacha pombe. Kabula yeye alizaliwa ngoma ikiwa imeshaingia ndani. Bujora, ambako Padri David Clement alianzisha Makumbusho ya Wasukuma, kanisa lenyewe ni la duara kama nyumba za jadi, na kila mwaka sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo huwa ndiyo Bulabo, tamasha la ngoma, vyama viwili vya Bagika na Bagalu vikishindana kucheza. Kwa Kabula, ngoma ina harufu ya ubani tangu utotoni.

Ugomvi ulianza Novemba, mvua zilipokolea.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba, binti yangu. Leo ngoma itapumzika. Jumapili iliyopita ulituchelewesha Utukufu wote.”

“Nilichelewa mimi, Mwalimu? Kinanda ndicho kilichokuwa kinakimbia.”

“Kinanda hakikimbii. Kina mwendo wake ndani, hauongezeki wala haupungui. Ngoma yako ndiyo iliyolegea, hata sauti yake imeshuka. Iko do gani hiyo?”

“Ngoma haina do. Ina mvua.”

Hapo wote wawili walikuwa na hoja. Ngozi ya ng'ombe hunywa unyevu wa hewa na kulegea, na ufukweni mwa ziwa majira ya mvua unyevu si haba. Kabula hufika mapema, akawasha moto wa maboksi nyuma ya kanisa, akaigeuzageuza ngoma mbali kidogo na ndimi, huku akiigonga kwa vidole hadi mlio upande na kukauka. Moto ukizidi, ngozi hupasuka. Ukipungua, hadi kufika matoleo ngoma imerudi kusema “buu” badala ya “du”. Na mlio mzito usio na ncha mwimbaji hawezi kuukamata. Husikia mvumo, hasikii pigo limeanzia wapi. Lakini kulegea kwa ngozi kunaharibu mlio tu. Hakumfanyi mpigaji achelewe. Hilo Mwalimu alilichanganya, na kwa wiki kadhaa kwaya nzima ikalichanganya pamoja naye.

Halafu, kama kawaida yetu, jambo la masikio likapelekwa kwenye maandiko.

Katika kikao cha kwaya Mwalimu alisoma Zaburi ya 150: “Msifuni kwa kinanda na kinubi.” Kabula akasoma mstari unaofuata: “Msifuni kwa matari na kucheza.” Watu wakapiga makofi pande zote mbili, na kikao hakikusogea. Hapa niseme kidogo, maana mstari huu hutumiwa kama fimbo. Kinanda katika Kiswahili cha zamani ni chombo cha nyuzi, ndugu wa gambusi, kinachopigwa kwa vidole. Wafasiri wa Biblia walikuwa wanatafuta jina la chombo cha nyuzi cha Waebrania. Hawakuwa wanafikiria kitu chenye waya wa kuchomeka ukutani. Na tari si ngoma kubwa ya Kisesa. Mtunga zaburi hakumpa ushindi yeyote kati yao.

Sheria za Kanisa nazo zina mzaha wake. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X alitoa maagizo kuhusu muziki mtakatifu, na kifungu cha 19 kinapiga marufuku kanisani ngoma na vyombo vingine vya kelele. Wanaopinga ngoma hukitaja mpaka leo. Wanachosahau ni kwamba sentensi hiyo hiyo inaanza kwa kukataza piano. Kinanda cha Mwalimu Petro, ambacho mlio wake wa kwanza ukikiwasha ni wa piano, kilitupwa nje kwa mlango ule ule na siku ile ile na ngoma ya Kabula. Miaka 60 baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliweka ogani ya mabomba mahali pa heshima ya pekee, kisha ukaruhusu vyombo vingine kwa idhini ya viongozi wa Kanisa wa eneo husika, mradi vifae kwa ibada. Maagizo ya mwaka 1967, namba 63, yakaongeza kipimo: utamaduni wa kila watu uzingatiwe, lakini chombo ambacho kwa maoni na mazoea ya watu kinafaa kwa muziki wa kidunia tu, kisiingie.

Kipimo hicho nakiona ndicho chenye uzito, kwa sababu hakiulizi chombo kimetengenezwa kwa nini. Kinauliza watu wakikisikia wanakumbuka nini. Ndiyo maana jibu linabadilika kizazi hadi kizazi. Katika kijiji cha utoto wa Mwalimu Petro, ngoma ilimkumbusha mtu Uswezi. Leo, katika jiji hili, kijana wa Igoma akisikia ngoma kubwa anakumbuka matoleo ya Jumapili. Akisikia kinanda chenye biti ya kuwasha kwa kitufe anakumbuka ukumbi wa harusi, maharusi wanaingia na mshereheshaji anapiga kelele. Tukipima kwa haki, kinachopaswa kujitetea siku hizi ni ile biti. Sisemi kinanda kizima. Nasema ile mashine ya ndani inayopiga ngoma bandia na besi bandia mwimbaji akitaka asitake.

Kabula alilijua hilo kabla yangu. “Mwalimu,” alisema mwisho wa kikao, “wewe hukatai ngoma. Umekataa ya ngozi, ya plastiki unayo humo ndani.”

Mwalimu hakujibu. Ngoma ikahamishiwa karibu na mlango wa sakristia.

Wenyekiti wengi hapo hufanya kile kinachoitwa busara: wanagawa nyimbo. Mwanzo kinanda, matoleo ngoma, komunyo kinanda, shukrani ngoma. Nimeliona likifanyika na sijaliona likidumu. Ni amani ya ndugu waliogawana shamba la marehemu. Kila mmoja anaangalia mpaka kuliko anavyoangalia mahindi. Nyimbo za kinanda hupigwa na mtu aliyenuna, nyimbo za ngoma hupigwa kwa nguvu ya kulipiza, na waumini wanasikia kwaya mbili katika Misa moja. Kwa maoni yangu ugawaji huo unashindwa kwa sababu unajibu swali ambalo si la ugomvi. Swali lilikuwa nani ameshika mwendo. Hakuna wimbo unaoweza kuwa na waongoza mwendo wawili, na biti ikiwashwa huku ngoma inapigwa, wapo wawili.

Hadithi yangu inageuka kwa mambo mawili.

La kwanza ni umeme. Jumapili ya pili ya Januari, katikati ya wimbo wa matoleo, ulikatika. Kinanda kikanyamaza kama mtu aliyebanwa mdomo, biti pamoja naye. Ngoma haikutikisika. Kabula aliendelea kule pembeni alikotupwa, na kwaya ikamfuata beti tatu bila mwendo kuyumba. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba waimbaji walikuwa pamoja. Angeshinda kesi siku hiyo, kama umeme usingerudi. Ulirudi kwenye ubeti wa tano. Mwalimu akawasha kinanda, akasubiri mwanzo wa kiitikio, akabonyeza G kwa mikono miwili. Kwaya ilikuwa imeshuka nusu sauti nzima bila kujua. Kilichotoka hapo sitakieleza. Benchi la mbele lote liligeuka.

Kwaya isiyo na chombo chenye sauti maalumu hushuka, hasa ikichoka, hasa kwenye mistari inayoteremka, na hasa sauti ya kwanza inapoogopa noti za juu. Anayeshuka hajijui kwa sababu wote wanashuka pamoja. Ngoma hushika mwendo, lakini do haiwezi kuishika. Siku ile kila mmoja aliona uchi wa chombo chake, na ndiyo maana Jumatano iliyofuata walikuja mazoezini kwa unyenyekevu kidogo.

La pili lilikuwa simu. Vijana wawili wa sauti ya tena walikuwa wamerekodi Utukufu ule ule, Jumapili ile ile, kabla umeme haujakatika. Mmoja alisimama jirani na kinanda, mwingine alikaa karibu na ngoma. Wote wakatuma kwenye kundi la Wasapu la kwaya. Mwalimu alisikiliza ya kwanza: ngoma inachelewa, kila pigo, wazi kabisa. Akaandika, “Sikieni wenyewe.” Kabula alisikiliza ya pili: ngoma na kinanda vinakwenda pamoja, hakuna kasoro. Naye akaandika, “Sikieni wenyewe.”

Wimbo mmoja, saa moja, ushahidi wa aina mbili, na hakuna aliyedanganya.

Aliyefumbua fumbo hakuwa mwanamuziki. Alikuwa fundi bati wa sauti ya besi, mtu asiyesema sana, aliyeingia kanisani likiwa tupu, akasimama pale ngoma ilipo na kupiga kofi moja. Kofi likaondoka, likagonga ukuta wa nyuma, likarudi. Alilisikia mara mbili.

Fikiria kanisa lenyewe: kuta za tofali zilizopigwa lipu, sakafu ya simenti, bati juu, hakuna pazia wala zulia la kunywa sauti. Spika mbili ziko kwenye nguzo za mbele, zimeelekezwa kwa waumini. Kwaya iko ubavuni mwa altare, nyuma ya spika. Mwalimu anakisikia kinanda chake kutoka kwenye vispika vyake vidogo, hapo hapo alipokaa. Kabula, tangu alipohamishiwa kwenye mlango wa sakristia, vispika hivyo havimfikii. Spika kubwa zimempa mgongo. Mvumo mzito huzunguka spika na kumfikia, lakini ile ncha kali ya noti, inayomwambia mpigaji “pigo ni sasa”, huenda mbele moja kwa moja. Yeye huipata ikirudi kutoka ukuta wa nyuma.

Kutoka kwenye spika hadi ukuta ule ni mita 26. Kwenda na kurudi ni 52. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ncha ya noti inamfikia Kabula ikiwa imechelewa sekunde 0.15 hivi. Inaonekana si kitu. Lakini Utukufu wao unakwenda mapigo 100 kwa dakika, yaani pigo moja ni sekunde 0.6. Kuchelewa kule ni robo ya pigo. Kabula alikuwa anapiga sawasawa kabisa na alichokisikia, na alichokisikia kilikuwa cha zamani. Akijitahidi kuwahi, anakisia, na mwenye kukisia huwahi leo na kuchelewa kesho. Waimbaji walio katikati walikuwa wanachagua: besi walio jirani na ngoma wakafuata ngoma, sauti ya kwanza wakafuata kinanda. Kwa hiyo kile kikao kilichompeleka Kabula mlangoni ili kuleta amani ndicho kilichouongeza ugomvi kwa mita kadhaa.

Marekebisho yalichukua jioni moja. Ngoma ilirudishwa hatua tatu tu kutoka kwenye kinanda, mahali ambapo Kabula anaona mikono ya Mwalimu na Mwalimu anaona yake. Spika ndogo iliyokuwa inakaa stoo ikawekwa chini, imeelekezwa kwa kwaya badala ya waumini, sauti yake ndogo. Kubwa za nguzoni zikapunguzwa, maana kanisa la bati ukiliongezea sauti halisikiki zaidi, linavuma zaidi.

Kisha wakagawana kazi, si nyimbo. Ngoma itashika mwendo. Biti isiwashwe kabisa. Kinanda kitatoa do kabla ya wimbo na kuilinda, hasa pale kwaya inapopenda kushuka. Hapo Mwalimu alikubali jambo lililomuuma: kupunguza mkono wa kushoto. Besi ya kinanda, ngoma kubwa na wanaume wanaoimba besi wote wanakaa ghorofa ya chini ya sauti, na ndani ya mwangwi ule wakiwa watatu hakuna anayesikika. Ngoma ikinguruma, mkono wa kushoto utulie.

“Unanikata mkono, Kabula,” alisema.

“Nimekuazima tu, Mwalimu. Komunyo nakurudishia, mimi sipigi.”

Kulikuwa pia na tatizo la mwendo wa sita kwa nane, nalo lilijimaliza lenyewe. Nyimbo zao nyingi za matoleo zina mwendo huo wa kubembea, ambao mtu anaweza kuuhesabu kwa mbili au kwa tatu, na ngoma hucheza kati ya hesabu hizo mbili. Biti za kwenye kinanda chao nyingi zilikuwa za nne, na Mwalimu alikuwa akichagua iliyokaribia na kuulazimisha wimbo uingie humo kama mguu katika kiatu cha mwingine. Biti ilipozimwa, nyimbo zikapumua.

Yote hayakuisha, na ningekuwa mwongo kama ningemaliza kwa watu kukumbatiana. Kabula bado anaona kuwa kinanda kinaharibu nyimbo za asili zenye sauti tano tu, kwa sababu Mwalimu akizijazia kodi, zile noti zinazopigwa kwa pamoja, huingiza fa na ti ambazo wimbo wenyewe hauna, na ladha inageuka kuwa ya kizungu. Anataka nyimbo hizo ziimbwe kwa ngoma na kayamba pekee. Mwalimu anauliza nani atashika do. Mimi katika hili nasimama na Kabula, kwa sharti kwamba kinanda kitoe do mwanzoni na kwaya ifanye mazoezi ya kutoshuka, jambo ambalo kwaya nyingi hazifanyi kwa sababu zimezoea kubebwa. Lakini naelewa woga wa mzee. Alisikia ile G.

Kisha ikaja Kwaresima. Katika majira hayo vyombo vinaruhusiwa kwa kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne na siku za sherehe na sikukuu, na kwa desturi ya parokia yao ngoma hupumzika kabisa. Kabula akaifunika kwa kanga, akarudi kwenye safu ya sauti ya pili na kitabu chake. Mwalimu akabaki peke yake na kinanda, mwendo ukiwa wake wote kama alivyotaka mwezi wa Novemba.

Jumapili ya kwanza, wakati wa Mwana-Kondoo, alitoa do, akainua mikono, halafu akasita. Aligeuza shingo kuitazama safu ya pili. Kabula alikuwa anagonga jalada la kitabu kwa vidole viwili, taratibu, bila mlio. Mwalimu akahesabu mapigo mawili ya vile vidole, ndipo akaanza.